Wadau, kujenga uwezo na kupanua wigo: mwongozo kamili wa kuyaandika kwa Kiswahili kinachoeleweka kijijini

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri tangazo la ukurasa mmoja kwa ajili ya mradi wa maziwa wilayani Rungwe. Tangazo lilisema kwamba wadau wote wa sekta ya maziwa walikuwa wanakaribishwa kwenye mkutano utakaofanyika ofisi ya kata, saa nne asubuhi. Siku ya mkutano walifika mtendaji wa kata, afisa ugani wa mifugo, wanunuzi wawili wa maziwa kutoka Tukuyu na mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Wafugaji, ambao mkutano uliitishwa kwa ajili yao, hawakufika. Jioni yake nilimkuta mzee mmoja akikata matete kando ya barabara, nikamwamkia, nikamuuliza kama alikuwa ameliona tangazo. Akanijibu kwa upole kabisa: «Nililisoma, mwanangu. Lakini lile lilikuwa la wadau. Sisi ni wafugaji tu.»

Kosa lilikuwa langu. Neno nililotumia limo katika kamusi, ni sanifu, na hakuna mhariri ambaye angelikata. Hata hivyo halikumfikia mtu aliyekusudiwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitumia utaratibu ninaoueleza hapa kwa nyaraka za miradi ninazotafsiri Mbeya, Iringa na Njombe. Nimechagua maneno matatu tu ya lugha ya mameneja, yale ambayo katika vikao hutamkwa stekiholda, kapasiti bildingi na skelingi apu, kwa sababu hayo ndiyo yanayojirudia kuliko mengine, na kwa sababu tafsiri zake za mkato, yaani wadau, kujenga uwezo na kupanua wigo, zina kasoro zinazofanana: kila moja ina maana nyingine iliyokwisha kukaa masikioni mwa msomaji kabla yako.

Ili mambo yaonekane, nitatumia sentensi moja ya mfano, niliyoiunda kwa kufuata mtindo wa nyaraka za miradi ya maziwa. Tarakimu zitakazofuata nazo ni za mfano. Sentensi yenyewe ni hii:

«Mradi utawajengea uwezo wadau muhimu katika mnyororo wa thamani wa maziwa ili kupanua wigo wa afua zilizofanikiwa katika awamu ya majaribio.»

Kila neno hapo ni la Kiswahili. Sarufi haina kosa. Mpe mfugaji wa Kiwira aisome, kisha muulize kesho yake afanye nini, naye hatakuwa na jibu.

Hatua ya kwanza: jua karatasi inakwenda mkononi mwa nani

Kabla ya kuandika neno hata moja, uliza karatasi hiyo itasomwa na nani na atatakiwa kufanya nini baada ya kuisoma. Taarifa inayokwenda halmashauri ya wilaya husomwa na watu wanaotumia neno wadau kila siku, na kwao neno hilo halina tatizo. Zaidi ya hapo, baadhi ya vikao vina jina rasmi lenye neno hilo, kama mkutano wa wadau wa kahawa, na jina rasmi halibadilishwi na mtafsiri. Tangazo, mkataba wa mkopo, kipeperushi cha mafunzo na fomu ya kujiandikisha ni mambo mengine. Hayo husomwa na mtu anayetaka kujua kama yanamhusu, anatakiwa wapi, atapata nini na atatoa nini.

Huku kwetu kuna jambo moja zaidi. Tangazo la kijijini mara nyingi haliishii ubaoni. Mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji hulisoma, halafu hulisimulia upya mkutanoni kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena kwa ajili ya wazee na wale wanaokitumia Kiswahili kwa nadra. Anapokutana na «kupanua wigo wa afua» hana la kusimulia, kwa hiyo hulitamka kama lilivyo au huliruka. Andika ukijua kwamba sentensi yako itatafsiriwa tena papo hapo, kwa mdomo, na mtu aliyesimama mbele ya watu.

Hatua ya pili: itafute kazi iliyofichwa, na uanzie kwenye bajeti

Maneno ya mameneja hufunika vitendo. Kwa hiyo usianze kutafuta neno la Kiswahili linalolingana nayo. Tafuta kwanza kitendo chenyewe. Chukua sentensi na uiulize: nani atafanya, atafanya nini, atamfanyia nani, kwa kutumia kitu gani, kiasi gani, wapi na lini. Katika sentensi yetu ya mfano jibu linalopatikana ni moja tu, kwamba «mradi» utafanya, na hata hilo halitoshi kwa sababu mradi hauna mikono.

Majibu mengine yamo katika andiko lilelile, lakini kwa kawaida hayamo katika maelezo. Yamo katika jedwali la bajeti, ratiba ya kazi na orodha ya viashiria. Bajeti ndiyo ninayoiamini kuliko vyote, kwa sababu mtu anaweza kuandika kurasa kumi juu ya kujenga uwezo, lakini katika bajeti lazima aseme ananunua nini. Nikikuta mistari ya posho ya afisa ugani, nauli na karatasi za kuandikia, najua kwamba «kujenga uwezo» hapa ni kufundisha. Nikikuta ndoo za kukamulia na vipimo vya maziwa, najua kuna vifaa. Nikikuta mfuko wa mikopo, najua kuna fedha, na mkopaji anastahili kuambiwa hivyo kwa jina lake.

Tuseme bajeti ya mradi wetu wa mfano ina siku za kazi za maafisa ugani wawili, gharama za mafunzo ya siku mbili kwa kila kijiji, na laktomita sita, yaani kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha kama yameongezwa maji. Haina tangi la kupozea maziwa. Haina mitamba. Haina mikopo. Ratiba inataja vijiji viwili vya mwaka wa kwanza na vijiji vingine sita vya mwaka wa pili. Sasa tunajua mambo mengi kuliko sentensi yenyewe ilivyotuambia, na tunaweza kuligeukia neno mojamoja.

Majibu yasipopatikana popote, mwandikie mwenye andiko na umuulize swali linalojibika: «Hawa wadau muhimu ni pamoja na wanunuzi binafsi, au ni wafugaji na vituo vya kukusanyia maziwa peke yake?» Mtafsiri anayekisia hapa huahidi kwa niaba ya mtu mwingine.

Hatua ya tatu: wadau

Ukilitazama neno mdau utaliona dau ndani yake, na dau ni kile mtu anachokiweka katika mchezo, akikubali kupata au kukosa. Kwa maana hiyo lilichaguliwa vizuri, na sina ugomvi nalo. Tatizo ni safari lililopita baadaye. Mjini mdau amekuwa rafiki, shabiki, mfuatiliaji wa jambo; vijana huitana mdau stendi ya Nane Nane jijini Mbeya kama wanavyoitana kaka. Katika vikao mdau amekuwa mtu wa ofisi, mwenye kadi ya jina shingoni na chupa ya maji mbele yake. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili hajioni katika picha yoyote kati ya hizo, ingawa yeye ndiye aliyeweka dau kubwa kuliko wote.

Wengine hukimbilia neno wahusika. Ni jepesi na linafaa mahali pengi, ila msomaji amelizoea pia katika habari za polisi, ambako wahusika ni watu wanaosakwa, na tangazo linalosema «wahusika wote wafike ofisi ya kata» linaweza kuwaondoa watu kijijini badala ya kuwaleta. Wengine huandika wenye maslahi. Hilo nalo lina uzito wake mbaya, kwa kuwa mtu mwenye maslahi katika jambo ni yule anayeshukiwa kujipendelea.

Dawa yake ni kuwataja watu. Kila unapokutana na neno hili katika andiko, jiulize ni nani kati ya hawa wanne anayesemwa: anayefanya kazi hiyo, anayeilipia, anayeiamulia, au anayeguswa na matokeo yake bila kuombwa rai. Mara nyingi utaona kwamba neno moja limetumika kwa maana tofauti katika ukurasa mmoja. «Tutawashirikisha wadau» katika aya ya kwanza lilikuwa na maana ya wafugaji. «Tutaomba idhini ya wadau» katika aya ya tatu lilikuwa na maana ya halmashauri ya wilaya. Ukiandika wadau pote, umewapa wafugaji madaraka wasiyokuwa nayo au umewanyima wale wenye nayo.

Idhini ya kijiji inastahili uangalifu zaidi, kwa sababu hapo sheria imekwisha kutuwekea majina. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wa kijiji waliofikisha umri wa miaka 18, na halmashauri ya kijiji ni chombo cha wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Kwa hiyo andiko linaposema kwamba wadau wa kijiji watashauriwa juu ya eneo la kujenga kituo cha maziwa, muulize mwenye andiko ni kikao kipi, halafu uandike «mkutano mkuu wa kijiji» au «halmashauri ya kijiji». Mwanakijiji anajua tofauti ya hivyo viwili, anajua muhtasari wa kikao huwekwa wapi, na anaweza kuuomba.

Orodha ikiwa ndefu, usiimwage yote. Kiswahili kina njia nzuri ya kuwakusanya watu kwa kitendo wanachokifanya: «kila anayefuga ng'ombe wa maziwa, anayekusanya maziwa au anayeyanunua katika kata hii». Sentensi hiyo ni ndefu kuliko neno wadau mara nyingi, lakini yule mzee wa matete angejikuta ndani yake kwenye neno la tatu. Ndiyo sababu namtanguliza anayeguswa zaidi na kumweka ofisa mwishoni, kinyume cha mpangilio wa barua za ofisi: msomaji hutafuta jina lake mwanzoni, na asipoliona hugeuka aende zake.

Hatua ya nne: kujenga uwezo

Hapa ndipo ninapoomba msomaji wangu atulie nami kidogo, kwa sababu neno hili limeleta manung'uniko mengi kuliko mengine yote niliyoyaona.

Katika Kiswahili cha kila siku, uwezo hauko mbali na fedha. Mtu mwenye uwezo ni tajiri. «Sina uwezo» ndilo jibu la heshima la mtu aliyeombwa mchango naye hana kitu. Kuwezeshwa nako kumepata maana hiyohiyo. Anayesema «tuwezeshe, mheshimiwa» haombi darasa. Sasa mwambie mama mwenye ng'ombe mmoja kwamba mradi utamjengea uwezo. Amesikia mambo mawili, kujengewa na uwezo, na yote mawili ni mali. Anapofika na kukuta bango, kalamu na mtu anayemfundisha kukamua, anaona kuwa sehemu ya ahadi imeliwa njiani. Niliwahi kukaa katika mkutano ambao mama mmoja alisimama, akashukuru, «ndaga», kwa mafunzo aliyoyapata, kisha akauliza kwa unyenyekevu ule uwezo wenyewe utagawiwa lini. Mwezeshaji alicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa mama alikuwa amesoma kwa usahihi kabisa kile kilichoandikwa.

Kwa hiyo rudi kwenye bajeti uliyoisoma na uamue ni uwezo gani. Kwa uzoefu wangu huwa ni mojawapo ya mambo manne. Ukiwa ujuzi, andika kufundisha, na utaje kinachofundishwa: kukamua kwa usafi, kuosha kiwele, kumkausha ng'ombe miezi miwili kabla ya kuzaa, kuandika kumbukumbu za maziwa. Ukiwa vifaa, andika kupewa, kukopeshwa au kuuziwa kwa bei nafuu, na usiyachanganye hayo matatu kwa kuwa ndiyo yanayoamua kama mtu atakuja na fedha mfukoni. Ukiwa mtaji, andika mkopo au ruzuku. Ukiwa ni watumishi au madaraka, kama pale halmashauri inapoongezewa maafisa ugani au chama cha ushirika kinapopewa haki ya kupanga bei yake, andika hivyohivyo. Kuna na uwezo wa tano usiohusiana na watu, ule wa tangi au wa gari, na huo Kiswahili kinauita ujazo.

Neno semina nalo lina mtego. Wengi hulitumia wakidhani limerahisisha mambo, lakini semina katika masikio ya watu imefungamana na posho. Kama hakuna posho, andika mafunzo, au bora zaidi «mtafundishwa», na useme waziwazi kwamba hakuna posho. Waandaaji wengi hawapendi sentensi hiyo. Mimi huipigania, kwa sababu asiyeambiwa mapema huambiwa na jirani yake siku ya pili, kwa hasira.

Sentensi yetu ya mfano, kwa sehemu hii, sasa inakuwa: «Wafugaji watafundishwa kukamua na kutunza maziwa kwa usafi. Wapokeaji wa maziwa vituoni watafundishwa kupima maziwa kwa laktomita, na kila kituo kitapewa laktomita moja.» Angalia kwamba uwezo mmoja umegawanyika kuwa vitendo vitatu na watu wa aina mbili. Hilo ni jambo la kawaida, na ndilo linaloonyesha kwamba neno la awali lilikuwa limeficha kitu.

Hatua ya tano: kupanua wigo

Wigo ni ua wa miti au miiba unaozungushiwa mji au zizi. Kupanua wigo ni kuusogeza ua huo nje zaidi. Ofisini tamathali hii imekwisha kufa, lakini mfugaji ana wigo wake nyumbani, na akisoma kwamba mradi utapanua wigo hana sababu ya kufikiri jambo jingine.

Kuna wanaoandika kupandisha, kama katika «kupandisha kiwango cha mradi» au «kupandisha teknolojia». Katika nyaraka za mifugo jiepushe nalo kabisa. Kumpandisha ng'ombe ni kumpeleka kwa dume au kwa mhimilishaji apate mimba, na hilo ndilo jambo la kwanza linalomjia mfugaji. Kueneza ni zuri kwa mbegu, habari na desturi, ingawa hutumika na kwa magonjwa; «kueneza ng'ombe wa kisasa» linakubalika, lakini «kueneza mradi» si zuri sana. Kukuza huonyesha kitu kimoja kinachoongezeka ukubwa, kama kituo au chama, na neno hilo halisemi kwamba vijiji vimeongezeka.

Swali la kuuliza ni moja: kinachoongezeka ni nini? Ikiwa ni watu zaidi katika vijiji vilevile, andika «wafugaji wengine watajiunga». Ikiwa ni vijiji vipya, andika «kazi hiyohiyo itafanyika katika vijiji vingine sita», na uvitaje kwa majina, maana kijiji kisichojiona katika orodha kinahitaji kujua mapema kuliko kile kinachojiona. Ikiwa ni wingi wa kazi kwa mtu yuleyule, kwa mfano kutoka ng'ombe mmoja kufika watatu, andika kuongeza. Na ikiwa maana yake ni kwamba halmashauri itaichukua kazi hiyo na kuiendesha kwa fedha zake baada ya mfadhili kuondoka, andika hivyo kwa ukamilifu, kwa sababu hilo ni badiliko kubwa kuliko mengine yote na hakuna anayeweza kuliona ndani ya neno kupanua.

Mfano mzuri wa jinsi watu wenyewe wanavyolitatua jambo hili ni mpango unaojulikana kama kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mfugaji hupewa mtamba mwenye mimba, naye hulipa kwa kumpa jirani aliyechaguliwa ndama jike wa kwanza. Namna nzima ya mradi kuongezeka kutoka nyumba moja hadi nyingine imo ndani ya jina, kwa maneno manne, na hakuna aliyehitaji kuelezwa wigo ni nini.

Hatua ya sita: ifumue minyororo ya -a unganifu, kisha uandike upya

Maneno ya mameneja hayaji peke yake. Huja na nomino zilizoundwa kutokana na vitenzi, zikifuatana kama mabehewa: utekelezaji wa uimarishaji wa mifumo ya ukusanyaji wa maziwa. Kanuni yangu ni kwamba ninapokuta wa, ya au za tatu mfululizo, nasimama na kutafuta kitenzi kilichozikwa. Hapo kimezikwa kukusanya. «Tutaboresha jinsi maziwa yanavyokusanywa» inasema kitu, na bado inadai swali la kuboresha vipi. Nguvu ya Kiswahili iko katika kitenzi. Fundisha, fundishana na fundishwa vinatuonyesha papo hapo nani anamfanyia nani, kazi ambayo nomino ujengaji haiwezi kuifanya.

Baada ya kufumua, usijaribu kuirudisha sentensi katika urefu wake wa kwanza. Sentensi moja ya mwanzo itakuwa aya. Mwambie mteja mapema kwamba karatasi itaongezeka, ili asije akakata mistari ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo yenye masharti. Hii ndiyo rasimu yetu:

«Mwaka jana tulifanya kazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika vijiji viwili. Maafisa ugani waliwafundisha kukamua kwa usafi na kufikisha maziwa kituoni ndani ya saa mbili. Mwaka huu kazi hiyohiyo itafanyika katika vijiji vingine sita vilivyotajwa hapa chini. Kila mfugaji atakayejiandikisha atafundishwa kwa siku mbili, katika kijiji chake mwenyewe. Wapokeaji wa maziwa vituoni watafundishwa kupima maziwa kwa laktomita, na kila kituo kitapewa laktomita moja. Mradi huu hautoi ng'ombe, mkopo wala posho.»

Mnyororo wa thamani umetoweka, kwa kuwa ulikuwa na maana ya wafugaji na vituo, nao wametajwa. Afua, yaani hatua zinazochukuliwa na mradi, zimetoweka pia. Wasomaji wengi hudhani ni afya iliyokosewa tahajia.

Hatua ya saba: ijaribu kwa watu watatu

Chagua watu watatu wanaofanana na wasomaji wako, mmoja wao akiwa mtu asiyesoma mara kwa mara. Wape karatasi, au wasomee. Usiulize kama wameelewa, kwa sababu adabu itawalazimisha kujibu ndiyo, hasa kama umri wako ni mdogo kuliko wao au umekuja na gari. Waombe wakusimulie: nani atakuja, atafanya nini, wewe utatakiwa kufanya nini, na utapata nini. Andika maneno yao wanayotumia, maana mara nyingi wanayo yaliyo bora kuliko yako. Baadaye muombe mmoja wao amsimulie mwingine kwa lugha ya nyumbani. Pale anapokwama au anaporudia neno lako la Kiswahili jinsi lilivyo, weka alama.

Jaribio la namna hii huibua makosa ambayo mtafsiri hawezi kuyaona akiwa mezani. Katika rasimu iliyo hapo juu limo moja, na nimeliacha makusudi kwa sababu niliwahi kulifanya. «Ndani ya saa mbili» kwangu lilikuwa muda tangu kukamua. Mama mmoja aliyelisoma alinieleza kwamba maziwa yafike kituoni kabla ya saa mbili asubuhi, na ya jioni hayahitajiki. Kwa jinsi Kiswahili kinavyotaja saa, alikuwa na haki. Masahihisho yakawa: «Maziwa yakikamuliwa saa kumi na mbili asubuhi, yawe yamefika kituoni kabla ya saa mbili asubuhi. Na ya jioni ni hivyohivyo: yasikae zaidi ya saa mbili tangu kukamua.»

Watatu wakisimulia vizuri, peleka. Mmoja akikosea jambo la nyongeza, sahihisha na uendelee. Lakini mmoja akikosea nani anapata nini, rudi hatua ya pili, kwa sababu huenda kosa halimo katika Kiswahili chako, limo katika andiko lenyewe, na wewe ndiwe wa kwanza kuligundua.

Hatua ya nane: mrudishie mwenye andiko, na uweke faharasa

Mteja aliyezoea nyaraka za ofisini anaweza kukuambia kwamba umeacha maneno muhimu. Usibishane naye kwa nadharia. Chukua andiko lake, pigia mstari wadau katika aya ya kwanza na ya tatu, na umwonyeshe kwamba ni watu wawili tofauti. Ikiwa mkataba wake na mfadhili unamlazimisha kutumia neno fulani, mpe nafasi moja: neno hilo litokee mara ya kwanza pamoja na maana yake ndani ya sentensi, kama vile «wadau wa mradi huu, yaani wafugaji, vituo vya maziwa na halmashauri ya kijiji», kisha kurasa zinazobaki zitumie majina ya watu. Na pale istilahi rasmi inapohitajika kwa ajili ya mkataba au taarifa ya serikali, fuata zilizosanifiwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, badala ya kubuni yako.

Faharasa ninayoiweka si orodha ya neno kwa neno, maana orodha ya aina hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye lile tangazo la kwanza. Kila neno lina mistari kadhaa: limetumika kwa maana gani katika andiko lipi, nimeliandikaje, nani alinithibitishia, na nani alilisoma vibaya. Kwenye wadau, mstari wa kwanza una jina la kijiji, na karibu yake nimeandika «matete», ili nikifungua ukurasa huo nikumbuke lile tangazo lilikuwa la nani. Tangazo hilo niliandika upya wiki ileile, likaanza na neno «Wafugaji», na safari hii tulilibandika kwenye mlango wa kituo cha maziwa, mahali wanapopita kila asubuhi wakiwa na ndoo.